Saa ya Paley na Jicho la Furu

Jioni ya leo nataka tuipekue hoja ambayo bila shaka umewahi kuisikia, iwe chuoni kwa maalimu, iwe kanisani, iwe kijiweni watu wanapobishana kuhusu kuwapo kwa Mungu. Anayeitoa huvua saa yake ya mkononi na kuuliza: je, vyuma hivi vilikutana vyenyewe vikajipanga mpaka vikaonyesha majira? Ukisema haiwezekani, anakurudia papo hapo. Basi jicho lako, lililo la ajabu kuliko saa, litakosaje kuwa na mtengenezaji?

Hoja hiyo ni kongwe. Ibn Rushd wa Kordoba, aliyefariki mwaka 1198, aliiita dalili ya inaya. Alisema kwamba usiku na mchana, mvua, mimea na wanyama vinaafikiana na mahitaji ya binadamu kiasi ambacho sadfa haiwezi kukieleza. Katika karne iliyofuata Thomas wa Akwino alitoa mfano wa mshale: haufiki kwenye shabaha ila ameurusha mpiga mishale. Saa nayo ilikwisha kutajwa na wengine, lakini aliyeifanya ijulikane ulimwenguni ni kasisi wa Kianglikana, William Paley, katika kitabu chake cha Theolojia Asilia kilichotoka mwaka 1802.

Watu wengi humcheka Paley bila kumsoma, nami naona wanamwonea. Anaanza na mtu anayetembea uwandani, akajikwaa kwenye jiwe. Ukimuuliza jiwe limefikaje pale, anaweza kujibu kwamba labda limekuwapo tangu zamani, na jibu likapita. Lakini akiokota saa, jibu hilo halitoshi tena. Tofauti iko wapi? Katika saa, kila gurudumu lina umbo lake, ukubwa wake na mahali pake, na ukibadilisha kimojawapo, kazi ya kuonyesha majira inaharibika. Vitu vingi vimekubaliana kufanya kazi moja. Paley anaongeza kwamba hukumu yako haitabadilika hata kama hujawahi kuona saa ikitengenezwa, hata kama saa hiyo inachelewa, hata kama ndani yake kuna vipande usivyovijua kazi.

Kisha anafanya jambo la kijasiri. Anauliza: tuseme saa hiyo ina uwezo wa kuzaa saa nyingine inayofanana nayo. Je, hapo hatumhitaji tena mtengenezaji? Anajibu kwamba tunamhitaji zaidi, maana sasa kuna ufundi wa ziada wa kueleza. Naomba ulishike jambo hili la saa inayozaa. Tutalirudia, kwa sababu ndipo hoja yote ilipopasukia.

Kutoka kwenye saa Paley anaingia kwenye jicho, na hapo analifananisha na darubini. Anaeleza kwa mfano kwamba lenzi ya jicho la samaki ni ya mviringo zaidi kuliko lenzi ya mnyama wa nchi kavu. Sababu ni ya kifizikia. Mwanga ukitoka hewani kuingia jichoni hupindishwa sana, lakini ukitoka majini hupindishwa kidogo tu, kwa hiyo samaki anahitaji lenzi yenye nguvu zaidi ili taswira iangukie mahali panapostahili. Jicho la samaki, kwa maneno mengine, limeundwa kana kwamba aliyeliunda aliyajua maji. Kwa Paley, ushahidi wa usanifu ulio wazi kuliko huo haupo.

Basi tuwasikilize wapinzani, na tuwasikilize mmoja mmoja, kwa sababu wamezoea kuwekwa kapu moja ilhali kazi wanazozifanya ni mbili tofauti.

Wa kwanza ni David Hume, Mskoti. Kitabu chake cha Mazungumzo kuhusu Dini Asilia kilichapishwa mwaka 1779, miaka mitatu baada ya kifo chake, kwa juhudi za mpwa wake, maana rafiki yake mkubwa Adam Smith alisita kukitoa. Kwa hiyo Hume alikuwa amekwisha kuisema kasoro ya hoja miaka 23 kabla Paley hajaokota saa yake. Katika kitabu hicho wanabishana watu watatu, na mwenye mashaka anaitwa Filo.

Filo anauliza: nguvu ya mlinganisho inatoka wapi? Anatoa mfano wa mzunguko wa damu. Tukishaona damu inazunguka katika miili ya watu kadhaa, hatuna wasiwasi kwamba inazunguka kwa watu wote. Tukiiona kwa vyura na samaki, tunadhania kwa nguvu kwamba iko kwa binadamu pia, ingawa uhakika umepungua. Lakini tukiruka kutoka kwa wanyama mpaka kwenye utomvu wa mimea, tunakisia tu, na Filo anakumbusha kwamba waliokisia hivyo walikuja kuonekana wamekosea. Kadiri vitu viwili vinavyozidi kutofautiana, ndivyo daraja kati yake linavyozidi kuyumba. Sasa nyumba na fundi wake tumewaona mara nyingi. Ulimwengu unafanana na nyumba kwa kiasi gani? Na ni nani aliyewahi kuona dunia kadhaa zikitengenezwa, akajua kwamba dunia kwa kawaida hutokana na fundi?

Halafu Filo anageuza kisu. Haya, anasema, tuukubali mlinganisho wenu, lakini tuukubali wote. Nyumba kubwa na meli hujengwa na mafundi wengi. Je, miungu ni mingi? Fundi hujifunza kwa kukosea, na seremala wa meli huiga kazi za waliomtangulia zilizorekebishwa kidogo kidogo kwa vizazi. Je, dunia hii ni jaribio la mwanagenzi? Tena, kwa nini tuchague saa? Ulimwengu unaweza kufananishwa na mmea au mnyama vilevile, na mmea hutoka kwenye mbegu, hautoki karakanani. Anayeshika hoja ya usanifu huchagua katika mlinganisho kile anachokitaka, akakiacha kinachomkera.

Kimantiki ni pigo zito. Ila naona tuwe wakweli kuhusu lilipoishia. Hume anakuonyesha kwamba kutoka kwenye jicho hadi kwa Mungu mmoja, mwenye hekima na wema usio na kikomo, ni safari ndefu kuliko ulivyodhani. Lakini jicho lenyewe bado liko mezani, na Hume hakuwa na maelezo mengine ya kutosha ya kukupa. Filo mwenyewe, mwishoni mwa kitabu, anakubali kwamba chanzo cha mpangilio wa ulimwengu huenda kina mfanano fulani wa mbali na akili ya binadamu. Wasomi wanabishana mpaka leo kama alimaanisha au alikuwa anajikinga.

Na Paley ana mlango wa kutokea. Anaweza kusema: sijengi juu ya kufanana kwa jicho na saa, nauliza tu ni maelezo gani yanayofaa zaidi kwa kitu ambacho sehemu zake nyingi zimekubaliana kufanya kazi moja. Saa ilikuwa ya kukufungua macho tu. Hoja ikisemwa hivyo, udhaifu wa mlinganisho hauiangushi. Ili ianguke, lazima aje mtu na maelezo mengine yaliyo bora.

Mtu huyo alisoma chuo kilekile alichosoma Paley, Kraisti Koleji huko Kembriji, na vitabu vya Paley alivisoma kwa furaha. Katika kumbukumbu za maisha yake Charles Darwin aliandika kwamba hoja ile ya Paley, ambayo zamani aliiona ya kukata shauri, ilikuwa imeanguka baada ya kugunduliwa kwa uteuzi asilia. Kitabu chake cha Asili ya Spishi kilitoka mwaka 1859.

Sasa turudi kwenye saa inayozaa. Paley alidhani mtoto atakuwa nakala kamili ya mzazi. Lakini viumbe hawazai hivyo. Watoto hutofautiana kidogo na wazazi na ndugu zao, tofauti nyingine hurithiwa, na baadhi ya hizo humfanya mwenye nazo aache watoto wengi kuliko jirani yake. Mambo hayo matatu yakikutana, kizazi kinachofuata hakiwi sawa na kilichopita, na mabadiliko yanaelekea upande unaofaa mazingira bila yeyote kuyaelekeza.

Paley aliukaribia ukweli huo, tena karibu mno. Katika kitabu chake anaitaja dhana kwamba maumbo ya kila aina yaliwahi kutokea, yale mabovu yakaangamia na mazuri yakabaki. Anaikataa, akisema kama ni hivyo tungeona mabaki ya majaribio hayo, viumbe kama nguva wa hadithini wenye nusu ya mtu. Na ni kweli dhana hiyo, kama alivyoipata, haifai. Ilitaka mwili mzima utokee kwa mkupuo mmoja wa bahati. Darwin hakutaka bahati ya namna hiyo. Tofauti ndogo hutokea bila kulenga faida, ndiyo, lakini kubaki kwake si bahati hata kidogo, na kila hatua inasimama juu ya hatua iliyokwisha kubaki. Kwa hiyo yule anayekwambia kijiweni kwamba wafuasi wa Darwin wanaamini jicho limetokea kwa bahati, anapigana na mtu asiyekuwapo.

Hebu tulione jambo hili likifanyika, na hatuna haja ya kwenda Uingereza. Twende Mwanza.

Katika Ziwa Viktoria kuna jamii ya samaki wadogo ambao wavuvi wa huko huwaita furu. Spishi zao zilikadiriwa kufikia 500. Tope la chini ya ziwa linaonyesha kwamba ziwa hilo lilikauka kiasi cha miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa upya, na furu tunaowajua walitawanyika baada ya hapo. Wawili kati yao ni ndugu wa karibu sana. Mmoja ana jina la kisayansi Pundamilia pundamilia, kwa ajili ya milia yake, na dume lake lina rangi ya bluu. Mwingine ni Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la heshima la Mwalimu Nyerere, na dume lake ni jekundu mgongoni na la njano ubavuni. Wa bluu hukaa kwenye kina kifupi, penye miamba. Mwekundu hushuka chini zaidi.

Maji ya Ghuba ya Mwanza yana chembechembe nyingi, na chembechembe hizo humeza mwanga wa bluu kwanza. Kadiri unavyoshuka, mwanga unaobaki unaelekea wekundu. Timu ya mwanabiolojia Ole Seehausen ilipochunguza macho ya samaki hawa, ikatoa matokeo yake mwaka 2008, iliona kwamba protini moja ya jicho inayopokea mwanga wa mawimbi marefu ina aina mbili. Aina hizo hutofautiana katika asidi amino chache tu, na kilele cha uwezo wao wa kupokea mwanga kimeachana kwa takribani nanometa 15. Furu wa juu kwa kawaida wana aina moja. Furu wa chini wana ile inayoelekea wekundu zaidi. Jike anayeona wekundu vizuri huvutiwa zaidi na dume jekundu, na kwa njia hiyo jicho lililozoea mwanga wa mahali pake likasaidia kuitenga jamii moja kuwa mbili.

Tunajuaje kwamba haya si masimulizi matamu tu? Kwa sababu visiwa vya eneo hilo havina maji ya aina moja, na maelezo haya yanatabiri tofauti. Huko Makobe, ambako maji ni angavu kiasi na mwanga hubadilika polepole kadiri unavyoshuka, jamii mbili zimeachana vizuri, kwa rangi na kwa protini. Huko Luanso, ambako maji ni machafu sana na mwanga hubadilika ghafla ndani ya kina kidogo, samaki wamechanganyika, wengi ni wa rangi za katikati. Tena, majike walipowekwa kwenye matangi yenye mwanga uliofanya rangi za madume zisitofautike, waliacha kuchagua. Msanifu wa Paley angeweza kufanya yote haya akitaka, sikatai. Lakini hakuna chochote katika hoja ya Paley ambacho kingekwambia mapema kwamba Luanso utawakuta wamechanganyika na Makobe wameachana.

Nisitie chumvi. Furu hawakujitengenezea jicho pale ziwani. Walikuja nalo, na hata aina mbili za protini ile ni za zamani kuliko ziwa, maana vinasaba vyao vinaonyesha kwamba mababu zao ni mchanganyiko wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Mto Naili wa juu. Mazingira yalichagua katika akiba iliyokuwapo. Kuhusu jicho zima kuanzia mwanzo, tuna ushahidi wa namna nyingine. Wapo wanyama walio hai leo wenye doa tu la kutambua mwanga, wengine wenye kikombe, na nautilasi, ndugu wa pweza, ana jicho lenye tundu dogo lisilo na lenzi. Kila moja linamfaa mwenye nalo. Mwaka 1994 watafiti Dan Nilsson na Susanne Pelger walipiga hesabu ya njia kutoka ngozi bapa inayohisi mwanga hadi jicho lenye lenzi kama la samaki, kwa hatua ndogo za asilimia 1. Walipata hatua 1,829, na kwa makadirio waliyoyafanya ya kibahili makusudi, vizazi visivyofika 364,000. Ni hesabu ya uwezekano, haisemi kwamba mambo yalipita njia ileile. Inaondoa tu ule usemi kwamba muda haukutosha.

Sasa nyoosha mikono yote miwili mbele yako, msikilizaji, isipokuwa kama unaendesha gari. Simamisha vidole gumba viwili vikiwa vimegusana. Funga jicho la kushoto. Kwa jicho la kulia kazia macho gumba la kushoto, usilibandue, huku ukilisogeza gumba la kulia polepole kuelekea kulia. Ukifika umbali unaopungua shibiri kidogo, ncha ya gumba hilo itatoweka. Ukiendelea, itarudi. Umepita kwenye doa pofu. Kwetu sisi nyuzi za neva za jicho hupita mbele ya retina, upande unaoingilia mwanga, kisha zinakusanyika na kutoboa retina ili zielekee kwenye ubongo, na pale zinapotoboa hakuna kuona. Pweza hana tatizo hilo. Neva zake hutokea nyuma ya retina.

Wengi hulitumia jambo hili kusema kwamba msanifu alikosea. Mimi siipendi hoja hiyo. Paley amekwisha kuijibu: saa inayochelewa bado ni saa. Isitoshe, ndani ya retina yetu kuna seli ndefu zinazosaidia kupitisha mwanga, kwa hiyo hasara si kubwa kama inavyotangazwa. Kinachonishtua ni ramani ya nani ana nini. Sangara, twiga, popo na wewe mna retina ya mpango mmoja. Pweza anaishi maji yaleyale na changu, anawinda kama changu, ana lenzi ya mviringo kama ya changu kwa sababu ileile aliyoitaja Paley, lakini retina yake ni ya mpango mwingine. Kama mpango ungefuata mahitaji, changu angefanana na pweza. Unafuata ukoo, na ukoo ndio hasa unaotabiriwa na Darwin.

Je, hoja ya usanifu imekwisha? Katika jicho, nasema imekosa kazi. Lakini uteuzi asilia unahitaji vitu vinavyozaa na kurithisha, na mahali pasipo na kuzaa hauna la kusema. Kwa hiyo watetezi wa leo wengi wamehamia kwenye kanuni za fizikia zenyewe. Wanasema nguvu ya mvutano na nguvu zinazoshikilia kiini cha atomu zingekuwa tofauti kwa kiasi fulani, kusingekuwa na nyota wala kaboni, na kwa hiyo kusingekuwa na furu wala wa kumchunguza. Darwin hawezi kuwafuata huko.

Hume anaweza. Ulimwengu tulionao ni mmoja, na hatujawahi kuona mwingine ukianzishwa, wala hatujui kama tarakimu hizo zingeweza kuwa vingine, na kama zingeweza, kwa uwezekano gani. Saa tunaijua kwa sababu tunamjua mtu wa kuitaka: tunajua watu wana miadi, wana swala na safari. Anayesema kanuni za fizikia zimesanifiwa anapaswa atuambie msanifu huyo alitaka nini, tena asikitoe katika kile kilichokwisha kutokea. Akisema alitaka viumbe wenye akili, tutamuuliza amejuaje. Anaweza kujibu kwamba amelijua hilo kwa wahyi au kwa maandiko, na hilo ni jibu halali kwa muumini. Ila akijibu hivyo, anayekubali tayari anayaamini maandiko, na saa aliyotuvulia mwanzoni anaweza kuirudisha mkononi.